Kawa ya kuchemsha, mafuta yake na kolesteroli: maneno tuliyosema kwenye mkutano wa Kasumbalesa

(Mazungumzo ya kikundi cha kazi ya afya na biashara ndogo, yaliyotolewa mbele ya memba wa shirika na wafadhili)

  Mama prezida alituomba tujibu swali moja tu, nasi tutabaki kwenye swali hilo moja. Tangu miezi miwili, kwenye parking ya malori na kwenye soko, kuna neno linazunguka. Watu wanawaambia ba mama wetu wanaouzisha kawa: "Kawa yenu ya kuchemsha inaleta kolesteroli, inaua moyo, acheni." Wateja wengine wamepunguza. Na mfadhili mmoja, kwa moyo mzuri kabisa, aliuliza kama pesa za mradi zisiende kwenye kununua mashine za kawa za umeme na karatasi za kuchujia, badala ya termosi na mbabula tulizopanga.

Mnajua wenyewe kawa ni nini kwetu. Wengi wetu tuliporudi kutoka Zambia, kutoka Mantapala na kwingine, tulifika na mikono mitupu. Termosi mbili, kilo moja ya kawa, sukari na tangawizi: njo mtaji wa kwanza wa ba mama wengi walio hapa. Malori yanakaa kwenye foleni ya mpaka, dreva analala ndani ya kabini, saa kumi na moja ya asubuhi anataka kitu cha moto. Ikiwa neno lile ni la kweli kabisa, tunawauzia watu ugonjwa. Ikiwa ni uongo mtupu, tunapoteza wateja bure. Sasa tuseme mapema: si uongo mtupu, na si kweli kabisa. Kuna kitu ndani ya kawa ya kuchemsha. Kitu hicho kinajulikana kwa jina, kazi yake inajulikana, na njia ya kukizuia ni rahisi kuliko mashine.

Kitu chenyewe ni nini

Mbegu ya kawa ina mafuta ndani yake, kama karanga ilivyo na mafuta, ijapokuwa si mengi kama ya karanga. Ukikaanga kawa mpaka iwe nyeusi, mnaona ile mbegu inang'aa: ni mafuta yanatoka nje. Ndani ya mafuta hayo kuna vitu viwili ambavyo havipatikani kwenye vyakula vingine tunavyokula. Kimoja kinaitwa kafestoli, kingine kinaitwa kahweoli. Hilo jina la pili mtalitambua, juu linatoka kwenye neno la Kiarabu lilelile lililotupatia sisi "kahawa" na "kawa". Mwenye nguvu ya kupandisha kolesteroli ni hasa kafestoli.

Hapa watu wengi wanachanganya, kwa hiyo tusimame kidogo. Kawa haina kolesteroli ndani yake. Kolesteroli inapatikana kwenye vitu vya wanyama: nyama, yai, maziwa. Kawa ni mti. Na si kafeini, ile inayokukosesha usingizi, ambayo inaleta jambo hili. Ukitoa kafeini yote, mafuta yanaweza kubaki na yatafanya kazi yake. Kwa hiyo yule anayesema "mimi nakunywa kawa nyepesi isiyonifukuza usingizi, nimepona" hajajibu swali bado.

Namna gani kafestoli inapandisha kolesteroli? Maini yetu kila siku yanachukua kolesteroli kutoka kwenye damu na kutengeneza nyongo. Nyongo inateremka kwenye matumbo, inasaidia kuyeyusha mafuta ya chakula, halafu sehemu kubwa inarudi kwenye maini. Mwili una alama yake ya kupima: nyongo ikitosha, alama inaambia maini "tosha, msitengeneze tena." Kafestoli inaigiza alama hiyo. Inafanya kama mtu anayepiga filimbi ya kusimamisha kazi wakati kazi haijaisha. Maini yanasikia filimbi, yanapunguza kutengeneza nyongo, na kolesteroli iliyopaswa kutumika inabaki kwenye damu. Watafiti walionyesha njia hii mwaka wa 2007 kwa majaribio ya panya na ya chembe hai za maabara. Juu ya watu, tunachojua kwa hakika ni matokeo: kolesteroli inapanda, hasa ile mbaya ambayo karatasi ya laboratware inaiandika LDL.

Wametambua vipi

Jambo hili halikutoka Afrika, lilitoka mbali kaskazini, Norvegi. Kule, kama kwetu hapa, desturi ya zamani ilikuwa kutia kawa ndani ya maji, kuchemsha, kuacha machicha yashuke, halafu kumimina bila kuchuja. Kwenye mji wa Tromso walipima watu zaidi ya 14,000, na mwaka wa 1983 waliandika kwamba wanywaji wa kawa nyingi wana kolesteroli ya juu zaidi. Lakini nchi nyingine zilipotafuta jambo hilohilo, mara walilipata, mara hawakulipata. Ikawa fumbo. Kawa ni kawa, juu ya nini inafanya hivi Norvegi na haifanyi hivyo kwingine?

Jibu lilikuwa kwenye sufuria. Mwaka wa 1989, kule Uholanzi, walichukua watu 107 wasio na ugonjwa, wakawagawanya mafungu matatu kwa muda wa wiki 9. Fungu moja lilikunywa kawa ya kuchemsha, kopo 4 mpaka 6 kwa siku. Fungu la pili lilikunywa kopo zilezile, lakini kawa imepita kwenye karatasi. Fungu la tatu halikunywa kawa. Mwisho wake, wale wa kuchemsha kolesteroli yao ilipanda kwa alama 18 hivi za mg/dl wakilinganishwa na wasiokunywa. Wale wa karatasi hawakupanda. Miaka iliyofuata, Waholanzi hao walitenga yale mafuta yanayoelea juu ya kawa ya kuchemsha, wakawapa watu wayatumie, na kolesteroli ikapanda. Mwaka wa 1994 wakafika kwenye kafestoli na kahweoli zenyewe. Njo tunasema jambo hili ni la uhakika: walianza na watu wengi, wakaenda kwenye sufuria, wakaenda kwenye mafuta, wakamshika mwenyewe.

Karatasi inafanya nini

Watu wanafikiri karatasi ni kama chujio la chai lenye matundu madogo zaidi. Ni kweli nusu. Jambo la kwanza ni namna maji yanavyokutana na kawa. Kwenye sufuria, unga wa kawa unacheza ndani ya maji ya moto dakika 10, dakika 20, wakati mwingine asubuhi nzima kwenye makala. Mafuta yanatoka, yanakuwa matone madogo sana yasiyoonekana, yanazunguka ndani ya maji. Pamoja nayo kuna vumbi laini la kawa, lile linaloacha tope chini ya kopo, na vumbi hilo limebeba mafuta ndani yake. Ukilikunywa, umekunywa mafuta pia.

Kwenye karatasi, maji yanapita juu ya kawa mara moja na kuondoka. Sehemu kubwa ya kafestoli inabaki palepale ndani ya machicha. Kiasi kidogo kilichoondoka na maji kinakutana na karatasi. Karatasi inazuia vumbi, na nyuzi zake zinashika matone ya mafuta. Kile kinachofika kwenye kopo ni kidogo sana.

Kwa namba chache: kopo moja ya kawa ya kuchemsha isiyochujwa ina kafestoli kama miligramu 3, ijapokuwa inabadilika sana kufuatana na uzito wa kawa. Kopo ya karatasi ina kama miligramu 0.1, maana yake mara 30 chini. Kawa ya unga wa kuyeyuka, ile ya kopo la duka, nayo iko chini sana, karibu na ya karatasi. Kawa ya kubana kwa chombo chenye chujio la chuma, ambayo wazungu wanapenda, iko juu kama ya kuchemsha, juu chuma kinazuia chembe kubwa na kuacha mafuta yapite. Shikeni hilo: lile chujio la chai la plastiki au la chuma, ambalo wengi wenu mnatumia mkimimina kwenye termosi, linazuia tangawizi na machicha makubwa tu. Mafuta yanapita kama mtu anayepita mlango ulio wazi.

Aina ya mbegu nayo ina neno lake. Kawa ya arabika, inayotoka milima ya Kivu na Ituri, ina kafestoli nyingi zaidi. Robusta, inayolimwa kwenye misitu ya chini, ina kama nusu au pungufu. Kawa inayofika hapa Kasumbalesa mara nyingi imechanganywa, na mfuko haukuambii. Kwa hiyo tukipiga hesabu tunaipiga kwa upande wa juu.

Tupige hesabu ya mtu mmoja

Tumchukue dreva wa Tanzania anayesubiri hapa mpakani. Yeye anaiita kahawa, sisi kawa, lakini kopo ni ileile. Anakunywa kopo 5 kwa siku, za kuchemsha, kawa ya arabika. Kopo 5 mara miligramu 3 ni miligramu 15 za kafestoli kwa siku. Watafiti waliojumlisha majaribio mengi walipata kwamba kila miligramu 10 za kafestoli kwa siku, mtu akiendelea nazo, zinapandisha kolesteroli ya jumla kwa alama 5 hivi za mg/dl. Kwa hiyo miligramu 15 zitampandisha alama 7 au 8. Ikiwa alikuwa na 185, atafika 192 au 193. Kama kawa yenyewe ni nzito sana, anaweza kufika mara mbili ya hapo, kama wale wa Uholanzi. Kama ni robusta, nusu yake.

Sasa tumchukue dreva huyo huyo, kopo 5 hizohizo, lakini zimepita kwenye karatasi. Miligramu 0.1 mara 5 ni nusu miligramu. Kupanda kwake hakufiki hata alama moja. Njo tofauti yote tunayozungumzia.

Alama 7 ni nyingi au kidogo? Kwa dreva mwenye miaka 30, asiye na tansio, asiye na sukari kwenye damu, anayekaa hapa siku 4 na kwenda zake, ni kidogo kweli. Na mwili unasahau: akiacha kawa ya kuchemsha, ndani ya wiki chache kolesteroli inarudi pale ilipokuwa. Lakini kwa mama mwenyewe anayeuzisha, anayeonja termosi kuanzia asubuhi mpaka jioni, kila siku, miaka 10, hesabu inabadilika. Kama mama huyo ana tansio, au ana diabeti, au alishaambiwa na munganga kwamba kolesteroli yake iko juu, alama 7 au 15 juu ya mzigo alio nao tayari si kitu cha kuchezea. Kwa hiyo anayehusika zaidi na neno hili ni sisi wenyewe kuliko mteja.

Kule Norvegi walifuata watu zaidi ya 500,000 kwa miaka karibu 20, wakaandika matokeo mwaka wa 2020. Wanywaji wa kawa ya kuchuja hawakufa zaidi kuliko wasiokunywa kawa. Walikufa kidogo chini yao. Kawa ya kuchuja ilionekana bora kuliko ya kuchemsha, hasa upande wa moyo. Utafiti wa namna hiyo unaangalia tu watu wanavyoishi, hautoi hukumu ya mwisho. Lakini unatosha kutuambia kwamba yule anayesema "kawa inaua" anasema kupita mipaka.

Mtu anaweza kutambua kwa macho?

Papa mmoja alituuliza wakati wa maandalizi: "Mimi nitajua je kama kawa imenipandisha?" Jibu ni gumu kidogo. Kolesteroli haiumi. Haileti kizunguzungu, haileti jasho. Moyo unaopiga haraka baada ya kawa ni kafeini, ni jambo lingine. Njia pekee ni kupima damu.

Na hata kipimo kina mtego wake. Kolesteroli ya mtu yuleyule, bila kubadilisha kitu, inapanda na kushuka kwa asilimia 5 au zaidi kutoka siku moja mpaka nyingine. Asilimia 5 ya 185 ni alama 9. Mnaona shida? Kupanda kunakoletwa na kawa, alama 7, kunajificha ndani ya mawimbi ya kawaida. Kwa hiyo mtu akipima leo 190, akiacha kawa wiki mbili, akipima tena 181, asipige kelele kwamba amepona. Na mwingine akipata 196 asiseme kwamba tumemdanganya. Watafiti waliona tofauti juu walipima watu wengi na kuchukua wastani. Mtu mmoja anayetaka kujijaribu apime kwenye laboratware ileile, aache muda wa wiki 4 au 6 akitumia kawa ya kuchuja tu, asibadilishe mambo mengine, na akiweza apime mara mbili kila upande. Na yule anayekunywa dawa ya kolesteroli au ya tansio asiache dawa kwa sababu ya kichujio. Kichujio hakichukui nafasi ya dawa.

Kawa yenyewe, ndiyo, inaonyesha kwa macho. Mimina kwenye glasi ya kioo, uweke kwenye mwanga. Kawa ya kuchemsha inakuwa na giza lenye ukungu, na ukiinamisha glasi utaona juu kuna ngozi inayong'aa, kama petroli juu ya maji lakini nyembamba. Iache dakika 10: chini kuna tope. Kawa iliyochujwa vizuri ni nyeusi lakini inapitisha mwanga, rangi ya kahawia nyekundu pembeni, na chini hakuna tope. Hiyo haikupi namba, lakini inakuambia kama kichujio chako kinafanya kazi.

Mashine, karatasi au kitambaa

Sasa tuje kwenye pesa za mradi. Mashine ya umeme inataka umeme, na ninyi mnajua umeme wa Kasumbalesa saa kumi na moja ya asubuhi. Basi tuache mashine, tuseme karatasi peke yake na funeli ya plastiki. Mama anayeuzisha termosi 3 za litre 2 kwa siku anatumia kama gramu 100 za kawa kwa kila termosi. Karatasi moja ya kawaida inabeba kama gramu 50. Kwa hiyo ni karatasi 2 kwa termosi, 6 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni karatasi 156. Pakiti ya 100 haimalizi mwezi. Pesa hiyo inatoka kila mwezi, na siku mradi utaisha, karatasi zitaisha, na sufuria itarudi.

Kuna njia ya tatu, na si mpya. Singapuri, wauzaji wa kawa barabarani wanatumia mfuko mrefu wa kitambaa cha pamba, unaofanana na soksi. Watafiti wa kule walipima kawa ya soksi hiyo wakakuta kafestoli yake ni kidogo, karibu na ile ya karatasi. Na Waswidi, karibuni, mwaka wa 2025, waliandika kwamba kawa ya kuchemsha ikimiminwa kupitia kitambaa inapoteza zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za kafestoli. Kitambaa kinashika vumbi na matone kama karatasi inavyoshika, ingawa si kwa usawa uleule, juu kitambaa si kimoja.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi, na ba mama wawili wameshaanza kujaribu. Nunua kitambaa cha pamba tupu, kipya, cheupe, kilichosokotwa kwa kubana. Ukikiinua kwenye jua usione matundu. Kitambaa cha nailoni hapana, na chandarua cha mbu hapana kabisa, kina dawa. Shona mfuko wa urefu wa mkono mmoja mpaka kiwiko kasoro kidogo, mdomo wake uzungushie waya ngumu ili ukae juu ya termosi. Kabla ya kutumia, uchemshe dakika 10 ndani ya maji matupu kutoa wanga wa kiwandani.

Asubuhi, chemsha maji na tangawizi yako kwanza, bila kawa. Wengi mnafikiri ladha ya tangawizi itapotea, haipotei, tangawizi inajua kuchemka peke yake. Tia gramu 100 za kawa ndani ya mfuko, mfuko juu ya termosi, halafu mimina yale maji ya moto pole pole, kwa mzunguko, mpaka litre 2 ziishe. Ikipita dakika 4 mpaka 6 ni sawa. Ikipita haraka kama bomba, kitambaa kimechoka au ni kilegevu, vumbi litapita. Ikikwama, unga wako umesagwa laini mno. Omba kwenye kinu wakusagie kidogo mkubwa. Usikamue mfuko mwishoni. Ukikamua, unasukuma nje yale mafuta na vumbi ambavyo mfuko ulishika, na kazi yote inaenda bure.

Na kama mteja wako anadai ile ladha nzito ya sufuria, chemsha kawa kama kawaida, iache itulie dakika 10, halafu ipitishe kwenye mfuko huohuo, ukiacha tope la chini ndani ya sufuria. Haitakuwa sawa na ya karatasi, lakini itapita mbali kuliko chujio la chai.

Mfuko unaoshwa kila siku kwa maji ya moto, bila sabuni yenye harufu, na kukaushwa kwenye jua. Mafuta yanabaki ndani ya nyuzi na yakikaa yanaoza. Pua itakuambia: mfuko ukianza kunuka kama karanga za zamani, chemsha, ukichemshwa na harufu ikabaki, tupa. Mfuko ukikaa na majimaji usiku kucha unaota ukungu, na hapo utampa mteja ugonjwa mwingine kwa kukwepa huu.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: "Na mimi niwaambie wateja nini wakisema kawa yangu inaua?" Tulimjibu: mama, mwambie hivi. Kawa ya kuchemsha ina mafuta yanayopandisha kolesteroli kidogo, kwa anayekunywa nyingi kila siku. Yangu nimeichuja kwenye pamba. Mwonyeshe glasi. Mteja wa malori ana macho.

Papa mmoja aliuliza kama kupunguza kopo kunatosha bila kuchuja. Kunasaidia, juu hesabu inafuata kopo: kopo 2 za kuchemsha ni miligramu 6 tu, alama 3 hivi. Anayekunywa kopo moja asubuhi hana sababu ya kununua kitu. Na asikunywe kopo ya mwisho ya termosi, ile ya tope.

Kijana mmoja aliuliza juu ya maziwa ya unga na sukari. Kweli, anayetia vijiko 4 vya sukari kwenye kopo 5 anakunywa vijiko 20 kwa siku, na kwa mwenye diabeti hilo ni shida kubwa kuliko kafestoli. Kitambaa hakichuji sukari.

Wafadhili wetu, ombi tunaloliweka mezani ni hili: pesa ya mashine ibaki kwenye termosi na mbabula kama tulivyopanga, na tuongeze kitambaa cha pamba, waya, na siku moja ya kushona pamoja. Na kama kuna kitu cha ziada, kiende kwenye kupima tansio, sukari na kolesteroli ya ba mama wanaouzisha, wao wanaokunywa kila siku kuliko mteja yeyote. Mfuko wa mfano uko hapa juu ya meza, na kawa iliyopita ndani yake iko kwenye termosi ya bluu. Kopo ziko karibu na mlango.